Kutoka miligramu kwa kilo hadi tembe na mililita: soma mwisho wa kipimo kwanza

Nimeandika haya kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kwenye zahanati zetu huku Nyando, nje kidogo ya Kisumu. Juzi mmoja wao alinijia na karatasi ya mtoto wa kilo 11 mwenye nimonia: amoksisilini `80 mg/kg/day`, mara mbili kwa siku, siku 5. Tutaitumia hiyo hiyo. Kama wewe ni mzazi, dozi ya kila kilo anaiamua aliyempima mtoto. Hesabu hii ni ya kukagua ulichopewa.

Hatua ya 1: Uzito

Mpime leo, bila viatu wala sweta. Uzito ulioandikwa kwenye kijitabu cha kliniki miezi kadhaa iliyopita si uzito wa leo.

Hatua ya 2: Ni ya siku nzima au ya kila mara?

Hapa ndipo watu huharibu. Wengi huona 80, huona kilo 11, wanazidisha, wanapata 880, basi wanaanza kutafuta chupa. Mwanafunzi wangu alisimama hapo akauliza, "Sista, hii 880 anakunywa asubuhi na jioni tena?" Swali zuri sana.

Jibu liko mwisho wa kipimo. `mg/kg/day` ni ya saa 24, kwa hiyo lazima uigawanye kwa idadi ya mara atakazokunywa. 80 × 11 = 880 kwa siku; gawanya kwa 2, unapata miligramu 440 kila mara. `mg/kg/dose` ni ya kila mara, na hapo hugawanyi kitu. Ndiyo maana kitabu kimoja kinaweza kuandika 80 kwa siku na kingine 40 kwa dozi, mara mbili kwa siku, na vyote vinasema jambo moja.

Ukikosea upande mmoja, mtoto anapata maradufu. Ukikosea upande wa pili, yaani uchukue 40 ya kila mara kisha uigawanye tena, anapata miligramu 220. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu halionekani: mtoto hatapiki, mama haleti malalamiko, ila nimonia haiponi.

Usikariri kwamba "dozi za watoto hugawanywa". Parasetamoli kwa kawaida huandikwa miligramu 15 kwa kilo, kila mara, na mtoto huyu angepata miligramu 165, si zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24. Ukiigawanya hiyo kwa 4, homa itakucheka.

Na ukikuta `40 mg/kg BD`, yaani mara mbili kwa siku, bila `day` wala `dose`? Mara nyingi mwandishi alimaanisha 40 kila mara, lakini mimi sikisii. Narudi kwake na karatasi mkononi, hata kama foleni imefika mlangoni.

Hatua ya 3: Tembe

Kama zipo tembe za miligramu 250 zinazoyeyuka kwenye maji, mimi huchukua hizo kabla ya dawa ya maji. 440 ÷ 250 ni 1.76. Hakuna atakayekata tembe hivyo, kwa hiyo tunapandisha hadi 2. Sasa rudi nyuma ukague: 500 ÷ 11 ni kama 45 kwa kilo, kila mara. Imezidi 40 kidogo tu, na kwa amoksisilini hilo halina shida. Tembe 2 ndizo pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unazompa mtoto wa kilo 10 hadi chini ya 14. Lakini usiichukue ruhusa hii ukaipeleka kwa dawa kali kama gentamisini. Huko kuzidisha kidogo kunaweza kuumiza figo na masikio.

Hatua ya 4: Dawa ya maji

Kuna fomula ndefu ya kuzidisha na kugawanya kwa mkupuo mmoja. Siipendi. Tafuta kwanza mililita moja ina miligramu ngapi. Lebo ikisema `250 mg/5 ml`, gawanya kwa 5: kila mililita ina 50. Kisha 440 ÷ 50 = mililita 8.8. Lebo ikisema `125 mg/5 ml`, kila mililita ina 25, na dozi inakuwa 17.6. Chupa hizi mbili hufanana sana rafuni, kwa hiyo soma lebo ya ile uliyoishika.

Mpe mama sirinji isiyo na sindano, umwonyeshe mstari kwa kalamu. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Kabla hajaondoka, hesabu chupa. Mara 10 kwa 8.8 ni mililita 88, basi chupa moja ya mililita 100 inatosha. Kwa ile ya 125 ni mililita 176, na akipewa chupa moja tu, dawa itakwisha siku ya tatu.