Kupanga njia ya bodaboda wa vifurushi Dar es Salaam: hesabu ya dakika za akiba

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenye duka la Kariakoo ambaye vifurushi vyake vilikuwa vikichelewa, ingawa dereva wake wa bodaboda alikuwa akipita njia fupi.

Hatua ya 1. Pata kutoka kwa kila mteja pini ya WhatsApp, alama ya jirani na saa ya mwisho ya kupokea.

Hatua ya 2. Panga vituo kwa upande wa barabara kuu, si kwa ukaribu wa ramani. Katika Barabara ya Morogoro, njia za mwendokasi zimekaa katikati, hivyo maduka mawili yanayotazamana huweza kutenganishwa na safari ya kwenda kugeuzia kwenye makutano.

Hatua ya 3. Pima muda wa kukabidhi, tangu pikipiki inapozimwa hadi inapowashwa tena. Ndani yake mna simu isiyopokelewa, mlinzi wa getini na ujumbe wa malipo unaosubiriwa. Usitumie wastani, chukua muda unaotosha kwa makabidhiano 8 kati ya 10.

Hatua ya 4. Tafuta saa ya mwisho ya kufika kila kituo, ukianzia kituo cha mwisho na kurudi nyuma. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huangalia saa ya kila mteja peke yake.

Tuseme dereva anatoka Kariakoo saa 3:00 asubuhi, na kila makabidhiano huchukua dakika 8. Anafika Magomeni saa 3:20 (mwisho 4:00), Sinza saa 3:50 (mwisho 5:00) na Kijitonyama saa 4:13 (mwisho 4:30). Kutoka Sinza hadi Kijitonyama ni dakika 15. Ukiongeza 8 za kukabidhi, ni lazima afike Sinza kabla ya saa 4:07, hata kama mteja wa Sinza yuko tayari kungoja hadi saa 5:00. Kutoka Magomeni hadi Sinza ni dakika 22, kwa hiyo mwisho wa kufika Magomeni ni saa 3:37. Kwa kuwa anafika huko saa 3:20, akiba ya safari nzima, yaani muda anaoweza kuchelewa bila kumkosa mteja yeyote, ni dakika 17.

Mimi hutumia jedwali la kawaida la kompyuta, kwani programu kubwa za kupanga njia huficha hesabu hii. Safu ya B ni saa ya mwisho ya mteja, C muda wa kukabidhi, D muda wa kutoka kituo kilichotangulia, na E saa ya mwisho ya kufika:

```
=MIN(B2, E3-D3-C2)
```

Katika mstari wa kituo cha mwisho, E ni sawa na B. Dakika ziandikwe `0:08`. Ukiandika `8`, jedwali litasoma siku nane.

Hatua ya 5. Ikiingia oda mpya ya Manzese, kati ya Magomeni na Sinza, hesabu nyongeza yake: dakika 12 za njia na 8 za kukabidhi ni 20, nazo zinazidi 17. Ipeleke baada ya Kijitonyama, au mwombe mteja wa Kijitonyama akuongezee dakika kumi kabla dereva hajaondoka Kariakoo.