Hujawahi kuwa meneja? Kabla ya usaili, kagua vitenzi vyako

Nimekaa kwenye majopo ya usaili hapa Mbeya na Rungwe kwa miaka kadhaa, zaidi kwenye kazi za vyama vya wakulima na vituo vya kukusanyia mazao. Swali linalowaangusha wengi ni hili: "Tupe mfano wa siku ulipoongoza wenzako." Aliyewahi kuwa meneja analijibu hata kama aliongoza vibaya. Asiyewahi kupewa cheo anaanza kuomba radhi, au anakimbilia uranja wa mabweni wa kidato cha tatu.

Nitatumia kisa kimoja tu. Ni cha binti aliyekuwa mpokea maziwa kwenye kituo kimoja Rungwe, akaomba nafasi ya msimamizi wa kituo kwingine. Alikuja kwangu wiki moja kabla ya usaili. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.

Hatua ya 1: Tafuta tukio, cheo kiache

Jiulize: ni lini mtu alibadilisha namna anavyofanya kazi kwa sababu yangu, na sikuwa na mamlaka ya kumlazimisha? Uweka hazina wa kikoba haukusaidii kama ulichofanya ni kuandika michango. Ukiwa mwanachama wa kawaida ukawafanya watu wakubali kulipa faini za kuchelewa, hapo una kisa.

Yule binti aliniambia hana tukio lolote. "Mimi kaka nilikuwa napima maziwa tu." Nikamuuliza nani aliwahi kumkasirikia kazini. Akacheka: "Bodaboda wa njia ya juu!" Ukitafuta kisa cha uongozi, anza na aliyekukasirikia. Mtu hakasiriki kama hakuna kilichoguswa.

Hatua ya 2: Andika jibu lako kama lilivyo, kisha pigia mstari vitenzi

Hili ndilo jibu lake la kwanza:

"Kituoni kwetu kulikuwa na changamoto ya maziwa kurudishwa. Tulikaa, tukaona tatizo ni usafirishaji, ikaamuliwa utaratibu ubadilishwe, na hali ikawa nzuri. Kwa hiyo naweza kusema nina uzoefu wa uongozi."

Tazama vitenzi: kulikuwa, tulikaa, tukaona, ikaamuliwa, ubadilishwe, ikawa. Hakuna hata "ni-" moja mpaka pale anapojisifu, "naweza kusema". Nani aliona? Nani aliamua? Sisi wanajopo tunaandika alama kwa kile ambacho msailiwa mwenyewe alifanya, na kwenye maneno haya hakuna cha kuandika.

Siyo kwamba anaficha. Tumelelewa hivyo. Ukisema "nilifanya, niliamua" mbele ya wazee unaonekana unajikweza, kwa hiyo ulimi unakwenda wenyewe kwenye "tu-" na kwenye "ika-". Kwenye kikao cha ukoo ni adabu njema. Kwenye usaili inakufuta.

Ila usiende ukabadilisha kila "tu-" kuwa "ni-". Nimewasikia waliofanya hivyo, na wanasikika kama walikuwa peke yao kituoni. Kisa cha uongozi kinahitaji nafsi mbili zinazofuatana: "nili-" kisha "aka-" au "waka-". Nilimwonyesha, akakubali. Niliwaomba, wakaanza kukamua mapema. Ukiwa na "nili-" nyingi bila "waka-" hata moja, umesimulia kazi ya mtu mmoja. Inaweza kuwa kazi nzuri sana, lakini swali lilikuwa la uongozi.

Hatua ya 3: Rudi kwenye tukio uchimbe

Hapa tulitumia jioni nzima. Kilichotokea kweli ni hiki.

Kituoni kila dumu linapimwa kwa alkoholi: maziwa kidogo, alkoholi kiasi hicho hicho, unatikisa. Yakitoa vipande vipande yanarudishwa, kwa sababu yameanza kuchacha na hayatahimili moto. Kazi yake ilikuwa kupima na kuandika jina la mkulima. Kipindi cha mvua madumu yaliyorudishwa yakawa mengi, na kila mtu akasema ni barabara.

Yeye akachora safu mbili zaidi kwenye daftari: saa dumu lilipofika, na nani kalileta. Hakuna aliyemwagiza. Baada ya wiki mbili akahesabu madumu 19 yaliyorudishwa, na 14 kati yake yalitoka njia moja. Bodaboda wa njia ile alikuwa anaanza kuchukua kwa wakulima wa karibu na kituo saa kumi na mbili asubuhi, anapanda nayo hadi juu kabisa, anasubiri wa juu wamalize kukamua, ndipo anashuka. Maziwa ya kwanza kuchukuliwa yalikuwa yanazunguka mlimani zaidi ya saa mbili, hayajapozwa.

Akamwambia aanzie juu. Jibu alilopewa: "Dada, wewe pima maziwa, njia niachie mimi." Na huyo bodaboda hakuwa mwajiriwa wa kituo. Alikuwa analipwa na wakulima kwa lita inayopokelewa.

Wengi wanapofika hapa wanaruka moja kwa moja hadi "baadaye akaelewa". Usiruke. Jopo linataka kujua alielewaje. Yule binti hakumwambia habari za ubora wa maziwa. Alimfungulia daftari akamhesabia lita alizobeba bure zile wiki mbili, kwa sababu lita iliyorudishwa hailipwi. Ndipo jamaa akatoa sababu yake ya kweli: akianzia juu atakuta hawajakamua, atasubiri palepale.

Sababu ilikuwa ya maana, na binti akaikubali. Kwanza alimweleza meneja wake, ambaye alimjibu, "Jaribu, ila hela sina." Jumapili akapanda juu kwa miguu, akaongea na kaya sita, wakakubali kumaliza kukamua kabla ya saa kumi na mbili. Wa karibu na kituo akawaomba wachelewe kidogo kukamua. Mama mmoja alikataa kabisa kwa sababu anawahi shamba, wakakubaliana awe analeta mwenyewe. Bodaboda akasema atajaribu wiki moja. Wiki mbili zilizofuata, madumu yaliyorudishwa kutoka njia ile yalikuwa 5.

Haya yote alikuwa nayo kichwani, na jibu lake la kwanza lilikuwa "ikaamuliwa utaratibu ubadilishwe".

Hatua ya 4: Likate libaki la dakika mbili

Kisa kizima kinachukua dakika saba, na ukizimaliza zote jopo litakuwa limeshachoka. Kata mwanzo na mwisho, ubakize pale palipokuwa na upinzani. Maelezo ya kituo yatoshe sentensi mbili. Tulibaki na hili:

"Nilikuwa mpokea maziwa. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika. Madumu mengi yalipoanza kurudishwa, niliongeza kwenye daftari saa na jina la mbebaji, nikaona 14 kati ya 19 yanatoka njia moja, kwa sababu bodaboda alikuwa anaanza kuchukua karibu na kituo na kumalizia juu. Nilimwomba ageuze njia, akakataa. Hakuwa chini yangu. Nikamwonyesha lita alizobeba bila kulipwa, naye akaniambia wa juu wanachelewa kukamua. Nikamweleza meneja, akaniruhusu kujaribu bila gharama. Nikaenda kwa kaya sita za juu, wakakubali kuwahi. Bodaboda akageuza njia kwa majaribio. Wiki mbili zilizofuata, kutoka njia ile yalirudishwa matano."

Lisome kwa sauti huku saa inakwenda. Usilikariri neno kwa neno, maana ukikatishwa katikati utapotea. Shika vituo vinne tu: daftari, kukataa, kaya sita, matano.

Hatua ya 5: Jiandae kwa maswali ya kuchimba

Jibu likiwa na nyama, jopo litachimba, na hiyo ni dalili nzuri. Dalili mbaya ni kuulizwa "Wewe hasa ulifanya nini?" mara mbili. Ikitokea, acha kuendelea na kisa. Taja tendo moja lenye "nili-", nyamaza.

Maswali matatu huja karibu kila mara. La kwanza, "Nani alikuruhusu?" Hapa ndipo wanaojikuza wanaponasa. Binti alisema wazi kwamba daftari lilikuwa lake, lakini kubadilisha ratiba ya wakulima aliomba ruhusa. Kujua mamlaka yako yanaishia wapi kunahesabiwa kama uongozi. La pili, "Nini hakikufaulu?" Alikuwa nalo: alijaribu jambo hilohilo kwa bodaboda wa njia nyingine, akakataa hadi mwisho, kwa sababu njia yake ilikuwa na maziwa machache yanayorudishwa na hakuona faida. Usilete kasoro ya kujipamba kama "huwa nafanya kazi kupita kiasi". Tumeshaisikia sana.

La tatu ndilo linalouma: "Lakini hujawahi kusimamia mtu?" Jibu ni "Hapana, sijawahi." Kisha sema ambacho hujawahi kukifanya, kabla hawajakitaja wao. Kisa cha namna hii kinaonyesha unaweza kuona tatizo, kushawishi na kubeba matokeo. Hakionyeshi kwamba umewahi kumwandikia mtu barua ya onyo, kupanga zamu au kushika bajeti, na kama nafasi inadai hayo kwa miaka mitatu, hakuna mpangilio wa maneno utakaoziba pengo.

Binti aliulizwa hilo. Alijibu: "Sijawahi. Barua ya onyo sijawahi kuandika, na ningeomba miezi ya mwanzo nifanye hilo pamoja na meneja. Lakini kumwambia mtu asiye chini yangu kwamba anavyofanya kunatia hasara, hilo nimefanya, na siku ya kwanza alinifukuza." Mwenyekiti wa jopo, mzee wa Kinyakyusa asiyecheka ovyo, akauliza, "Ukarudi?"

"Nikarudi na daftari, mzee."