Chanzo tegemezi: anza na mkondo unaokiongoza

Ukikuta chanzo tegemezi cha mkondo kwenye sakiti, usikimbilie kujumlisha mikondo. Kwanza andika mkondo unaokiongoza kwa kutumia volteji ya nodi, ili usibaki na herufi ya ziada.

Mfano: chanzo cha 5 A kinaingiza mkondo kwenye nodi V. Rezista za 4 Ω na 2 Ω zinashuka hadi nodi ya rejea, na chanzo tegemezi kinatoa 2i kutoka V, ambapo i ni mkondo unaoshuka kwenye 4 Ω. Basi i = V/4:

V/4 + V/2 + 2(V/4) = 5, hivyo V = 4 V.

Hakiki: inatoka 1 + 2 + 2 = 5 A.

Wengi huteleza kwenye mshale. Mshale wa i ukichorwa ukipanda, i = −V/4, na jibu linaruka hadi 20 V.