Somo: Kutafsiri taarifa ya kisa cha mgonjwa kutoka maandishi ya wodini bila kuvuruga saa na siku

Wanachama wenzangu, mara nyingi daktari anayetaka kuchapisha kisa katika jarida la Kiingereza hutuletea rundo la karatasi: barua ya rufaa kutoka zahanati, kurasa za daftari la kukabidhiana zamu, kadi ya dawa, na maelezo ya ndugu wa mgonjwa yaliyoandikwa kama yalivyosemwa. Sehemu ya karatasi hizo ni Kiingereza cha daktari, lakini yale yaliyotokea usiku, wakati daktari hayupo kitandani, kwa kawaida yako katika Kiswahili cha muuguzi. Mwongozo wa CARE wa 2013, ambao majarida mengi huufuata kwa taarifa za aina hii, unataka mfuatano wa matukio uonyeshwe waziwazi, na hapo ndipo tafsiri zetu huharibika kuliko mahali pengine popote.

Nitatumia kisa kimoja nilichokitunga kwa ajili ya somo, ingawa kila kosa lililomo nimelikuta kazini. Mama amejifungua salama Jumatatu tarehe 10, saa kumi na moja alfajiri. Baadaye anapata kifafa cha mimba. Daktari anataka kukiita kifafa cha mimba kilichochelewa, yaani kile kinachotokea baada ya saa 48 tangu kujifungua na kabla ya kutimia wiki 4. Kwa hiyo thamani ya kisa chote inasimama juu ya swali moja: degedege lilitokea saa ngapi baada ya kujifungua?

Hatua ya kwanza: nakili maneno ya wakati kabla ya kutafsiri sentensi yoyote

Pitia karatasi zote, uchukue kila neno linalotaja wakati kama lilivyoandikwa, pamoja na jina la karatasi lilikotoka. Usibadilishe saa yoyote bado. Katika kisa chetu, degedege limetajwa mara tatu. Daftari la zamu, katika ukurasa wenye tarehe 11 juu, linasema: «Saa 9 usiku mama amekakamaa mwili mzima kisha akatetemeka kama dakika 2, povu mdomoni.» Barua ya rufaa inasema: «Amepata degedege usiku wa Jumatano saa 9.» Mama mkwe naye ameeleza: «Ilikuwa siku ya tatu tangu ajifungue.»

Mtafsiri mwenye haraka ataandika kwamba lilitokea Jumatano saa 21:00, siku tatu baada ya kujifungua. Hesabu hiyo inatoa saa 64, na daktari anafurahi. Jambo la kuangalia ni kwamba barua na maneno ya mkwe, vikisomwa vibaya, vinasukuma upande mmoja, kwa hiyo kosa la hapa halirekebishwi na la pale, bali kila moja linaonekana kama ushahidi wa jingine.

Hatua ya pili: geuza saa, kisha siku, na uthibitishe kila moja

Saa tisa usiku ni 03:00, na sote tunajua. Tunapojikwaa ni kwenye karatasi zinazochanganya mifumo, kwa sababu muuguzi yuleyule anaweza kuandika «saa 9 usiku» katika daftari na 03:40 kwenye kadi ya dawa. Usikisie ni mfumo gani unaotumika. Tafuta tukio moja lililoandikwa mara mbili katika mifumo miwili. Hapa, kadi ya dawa inaonyesha kwamba magnesiamu salfeti ilitiwa saini 03:40, na daftari linasema «saa 9:40 amepewa sindano». Tofauti ni saa 6 kamili, kwa hiyo daftari hilo, angalau kwa mkono wa muuguzi huyo, linahesabu kwa Kiswahili. Muuguzi mwingine akipokea zamu, thibitisha upya.

Siku ni ngumu zaidi. Kwa watu wengi wa pwani, siku huanza jua linapotua, kwa hiyo «usiku wa Jumatano» ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano, ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa mwandishi mwingine, hasa aliyezoea kalenda ya ofisi, maneno hayohayo yana maana ya usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Barua peke yake haiwezi kuamua. Daftari ndilo linaloamua, lakini nalo lina mtego wake: zamu ya usiku hufungua ukurasa jioni, huandika tarehe ya jioni hiyo, na huendelea chini yake mpaka asubuhi. Ukurasa wa tarehe 11 kwa hiyo unabeba matukio ya jioni ya tarehe 11 na ya alfajiri ya tarehe 12. Mistari iliyotangulia inataja saa 3 na saa 5 usiku, na inayofuata inataja saa 12 asubuhi na kukabidhi zamu. Degedege liko katikati, yaani 03:00 ya Jumatano tarehe 12.

Na «siku ya tatu»? Mkwe anahesabu kama tunavyohesabu matanga au arobaini, kwa kuitia siku ya mwanzo ndani: Jumatatu ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ya tatu. Maneno yake yanakubaliana na daftari. Yakigeuzwa kuwa `three days after delivery`, msomaji wa Kiingereza atasoma saa 72 au karibu na hapo. Ndiyo maana mimi huepuka siku za namba katika visa vya uzazi, nikaandika saa tangu kujifungua.

Jedwali la kazi, ambalo haliendi jaridani bali hurudi kwa daktari, linakuwa hivi:

```
10  05:00  saa 0    amejifungua            (rejista ya uzazi)
10  jioni  —        kichwa kinauma         (mkwe: "juzi jioni")
11  21:00  saa 40   chembe ya moyo, 160/110 (daftari)
12  03:00  saa 46   degedege               (daftari)
12  03:10  saa 46   "apewe" magnesiamu     (daftari)
12  03:40  saa 47   amepewa                (daftari, kadi)
```

Saa za safu ya tatu zimekadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu. Mkwe alihojiwa Jumatano asubuhi, kwa hiyo «juzi» yake ni Jumatatu. Hakutaja saa, nami sikumpa.

Hatua ya tatu: vitenzi, kwa sababu navyo ni saa

Mstari wa 03:10 unasema «apewe magnesiamu, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako». Hiyo ni amri. «Amepewa» ya 03:40 ndiyo taarifa ya kilichofanyika. Nimeona tafsiri ambamo zote mbili zimekuwa `was given`, na hivyo mgonjwa akaonekana amepata dozi mbili za kuanzia ndani ya nusu saa, kosa ambalo mhakiki wa jarida aliliuliza kwa maneno makali na daktari asielewe anashutumiwa nini. Nusu saa kati ya kuagiza na kupewa ni sehemu ya kisa. Iache ionekane.

Angalia pia kiambishi «a-», ambacho hakisemi ni nani. Katika wodi ya wazazi «alipewa oksijeni» inaweza kuwa habari ya mama au ya mtoto. Kama mstari wa juu unamzungumzia mtoto, uliza kabla ya kuandika `she`.

Hatua ya nne: usimpandishe muuguzi cheo, wala usimshushe

«Chembe ya moyo» si moyo. Ni pale juu ya tumbo, chini ya kidari, na Kiingereza chake ni `epigastric pain`. Maumivu hayo, pamoja na presha ya 160/110 na kichwa kuuma, ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Mtafsiri aliyeandika maumivu ya moyo amefuta onyo lililokuja saa 6 kabla ya degedege, na kumwelekeza msomaji kwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Kwa upande wa pili, muuguzi aliandika alichokiona: mwili kukakamaa, kutetemeka, povu. Usimpe utambuzi ambao hakuutoa. Sentensi yangu ya mwisho ni hii:

```
At 03:00, 46 hours after delivery, her whole body stiffened
and then shook for about two minutes, with frothing at the
mouth. Magnesium sulphate was ordered at 03:10 and given
at 03:40.
```

Jina la ugonjwa daktari ataliweka katika aya yake ya uchambuzi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, muuguzi wa Tanga: Mwalimu, shikamoo. Tukiandika «saa 6 usiku tarehe 11», wewe unaiweka tarehe ipi?*

Marahaba. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu 00:00 ya tarehe 11 na 00:00 ya tarehe 12 zimeachana siku nzima. Naangalia ukurasa ulifunguliwa jioni ya tarehe ipi. Kama ni jioni ya tarehe 11, ni 00:00 ya tarehe 12. Kama mstari umesimama peke yake, bila ukurasa, namwuliza aliyeandika, na akikosekana, naiacha na alama ya swali katika jedwali.

*Mwanachama: Ndugu, mgonjwa akisema «nilikuwa na homa», niandike `fever`?*

Tazama kipimo. Kwa wengi «homa» ni kujisikia vibaya, na kwa wengine ni malaria yenyewe. Kama joto la saa hiyo limeandikwa 36.8, `fever` ingepingana na namba yako mwenyewe. Hapo naandika kwamba mgonjwa alieleza kujisikia mgonjwa, na kwa neno kama hilo namwomba daktari amwulize tena mgonjwa kama bado anapatikana.

*Mwanachama: Jarida limetutaka tuondoe tarehe halisi ili mgonjwa asitambulike. Jedwali lote si litapotea?*

Halipotei. Tarehe hutoka, saa tangu kujifungua hubaki, na kwa kisa hiki ndizo zinazohitajika. Toa tarehe mwishoni kabisa, baada ya daktari kukubali hesabu, kwa sababu ukizitoa mapema hutaweza kukagua tena. Ridhaa ya mgonjwa ya kuchapishwa inabaki kuwa lazima hata tarehe zikitoka.

*Mwanachama, daktari: Saa 46 na saa 48 zinakaribiana mno. Huoni kwamba unatubana? Wodi haina saa ya ukutani inayoaminika, na aliyeandika huenda alikadiria.*

Daktari, hoja ya saa ya ukutani ni ya haki, na inafaa iandikwe katika aya ya mapungufu. Lakini ukadiriaji unaweza kupeleka tukio saa 45 kama unavyoweza kulipeleka saa 47, na ili lifike 48 tunahitaji kuamini kwamba muuguzi alikosea kwa saa 2 nzima huku kadi ya dawa, iliyotiwa saini na mtu mwingine, ikikosea pamoja naye. Mimi nitakuandikia 46. Neno «kilichochelewa» likibaki kwenye kichwa cha makala, litakuwa la kwako, na jedwali nitakalokutumia litaonyesha hesabu ilivyofikiwa.