Ukiambiwa "Ongeza Kidogo": kula kwa ndugu ukiwa na kisukari

Kila baada ya sikukuu kliniki yetu hujaa. Sukari ya damu mmol/L 14, 15, 17, na maelezo ni yale yale: "Nesi, ningefanyaje? Wifi kapakua mwenyewe." Nimekaa kliniki ya kisukari hapa Tanga miaka 11, na zamani niliwajibu kama nilivyofundishwa: kataa tu. Kisha nikaenda mimi kwa mama mkwe, nimeazimia kupunguza wali. Nikasema nimeshiba, sahani ikajazwa. Nikasema tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama chumvi imezidi. Nikala.

Siku hizi nafundisha kingine: ongezo usipigane nalo, liwekee nafasi. Kupakua mara ya kwanza ni kwako, mara ya pili ni kwa mwenye nyumba. Yeye hakusukumii kwa kudhani una njaa. Anataka ionekane kwamba hukutoka kwake mikono mitupu. Ukiingia tayari una nafasi ya ongezo lake, yeye ameheshimika na wewe hukuvuka kiasi chako.

Nitaeleza kwa mama mmoja wa miaka 54 aliyekuwa anakwenda kwa kaka yake kula chakula cha mchana cha Idi. Dawa yake ni metformini peke yake, na hilo lina maana, nitalirudia.

Hatua ya kwanza: pima upawa wako

Wiki moja kabla, akiwa nyumbani kwake, nilimwambia apakue pilau kama anavyopakuliwa kwa kaka yake, halafu tuupime upawa kwenye mizani ya jikoni. Upawa mmoja ulitoka gramu 150 hivi. Wali uliopikwa una wanga kama gramu 28 katika kila gramu 100, kwa hiyo upawa ule ni kama gramu 40 za wanga. Upawa wa kwako unaweza kuwa mkubwa au mdogo, ndiyo maana nasema upime na usichukue namba yangu.

Idi iliyopita alikula pawa mbili, wifi yake akaongeza wa tatu, na juu yake chupa ya soda. Pilau peke yake ni gramu 120. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Sukari yake saa mbili baadaye ilikuwa 15.8, na wagonjwa wengi tunawaomba wasivuke 10 kwa saa hiyo.

Tukakubaliana jumla ya siku ile ni upawa mmoja na nusu. Mmoja anajipakulia mwenyewe. Nusu inamngoja wifi. Soda hakuna, maji yapo.

Hapa nisimame kidogo kwa wanaotumia glibenklamaidi au insulini, si metformini peke yake kama mama huyu. Nyinyi msipunguze wanga ghafla wala msifunge asubuhi ili "kuweka nafasi", kwa sababu dawa inaendelea kushusha sukari hata kama chakula hakijaja, na chakula cha Idi kinajulikana kwa kuchelewa. Jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na kipimo chini ya 4: kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kuhusu kupunguza, zungumza kwanza na anayekuandikia dawa.

Hatua ya pili: mwambie mpishi, usiuambie ukoo

Mama huyu alianza vibaya. Aliandika kwenye kundi la familia kwamba mwaka huu hali wali mwingi, tafadhali wamwelewe. Kufikia jioni alikuwa na ushauri wa mlonge, mdalasini, maji ya bamia, na binamu mmoja aliyemhakikishia kwamba sukari ni mawazo tu. Mbaya zaidi, sasa watu 30 walikuwa wanakwenda kutazama sahani yake.

Anayehitaji kujua ni mmoja, naye ni yule anayeshika upawa. Mpigie siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya sikukuu akiwa na moshi machoni. Na usimpigie kumwambia usichokula. Mpigie kumwomba kitu. Alichosema mama yetu ni hiki:

"Wifi, nina ombi. Kachumbari yako ile ya Idi iliyopita, naomba uniwekee bakuli langu pembeni. Na mchuzi wa kuku. Pilau nitakula, ila tumbo langu siku hizi dogo, unipakulie kidogo kidogo."

Wifi akacheka, akauliza kama aongeze pilipili. Basi. Neno kisukari halikutajwa, ingawa wifi anajua fika. Aliyepewa kazi ya kukuandalia kitu atakilinda. Siku ile wifi ndiye aliyewaambia wengine, "Mwacheni, huyo nimemwekea chake."

Hatua ya tatu: mkono usisimame mapema

Kwenye sahani, ujanja ni mmoja: sahani tupu ni mwaliko. Ukimaliza upawa wako kwa dakika tano, mwenye nyumba anaona weupe wa sahani na roho inamuuma. Anza na kachumbari na nyama, pilau ije baadaye, na acha tonge mbili zikae mbele yako mpaka wengine wakaribie kumaliza.

Kwenye sinia ni kugumu zaidi, kwa sababu hakuna kipimo. Sinia la watu wanne linapungua kwa pamoja na huwezi kujua pawa zako ni ngapi. Tena wakubwa wanakusogezea nyama upande wako, na kila nyama inashuka na wali wake. Mgonjwa wangu yeyote anayekula sinia namwambia hivi: kabla ya bismillahi, tazama sehemu iliyo mbele yako na uigawe kwa macho nusu kwa nusu. Kula ile iliyo karibu na ukingo, iliyo ndani waachie wenzako. Matonge yawe madogo, na kati ya tonge na tonge chambua mfupa au miba. Samaki mwenye miba mingi amewaokoa wagonjwa wangu wengi. Mkono unaoshughulika hausemeshwi. Mkono uliosimama ndio unaoulizwa, "Mbona huli?"

Na ukishamaliza ongezo la mwenye nyumba, omba maji unawe. Kwetu kunawa ndiyo nukta. Aliyenawa akasema alhamdulillahi hapakuliwi tena, au akipakuliwa walio karibu watamtetea. Kusema "nimeshiba" na vidole bado vina mafuta ni maneno tu.

Hatua ya nne: "hapana" ya kwanza haihesabiwi

Mgeni mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, kila mtu anajua, kwa hiyo kukataa kwako kwa kwanza kunasikika kama adabu. Usiipoteze pumzi hapo. Wifi alipokuja na upawa, mama yetu alisogeza sahani yeye mwenyewe akasema, "Nipe nusu, wifi, na ukoko kama umebaki." Akapewa nusu. Wote wakaona amepewa.

Alipokuja shangazi yao na upawa wa pili, ndipo lilipokuja jibu tulilolifanyia mazoezi: "Shangazi, mkono wa wifi umenishinda, sina pa kuweka. Nifungie nikale nyumbani." Nifungie ni neno zuri sana. Halikatai chakula, linabadilisha saa ya kukila. Shangazi alisimama akaenda kutafuta kopo lenye kifuniko, na alipolipata, hamu ya kumlisha ilikuwa imekwisha.

Maneno ninayowashauri wayaache ni mawili. "Sitaki" linasikika kama tusi kwa aliyekesha jikoni. "Daktari kanikataza" linafanya kazi dakika moja, halafu linafungua baraza: daktari yupi, ana umri gani, mbona fulani alikula hivyo hivyo mpaka akafika miaka 90.

Hatua ya tano: "Mbona umekonda?"

Hili linauma kuliko ongezo, na watu huwa hawajui linatoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa jirani zetu wa Uganda ugonjwa ule uliitwa silimu kwa jinsi ulivyokondesha. Waliozika ndugu miaka ile ndio shangazi na mama wakubwa wa leo. Akikutazama mabega yaliyopungua akauliza, mara nyingi anaogopa, hata kama sauti inatoka kama kejeli.

Kwa hiyo mjibu hofu yake, tena kwa ufupi. "Nimepungua kwa kupenda mwenyewe, shangazi, na vipimo vyangu vizuri. Wewe magoti yako yanaendeleaje?" Swali la mwisho si la kukwepa tu. Mzee akiulizwa magoti yake ataeleza mpaka chai iive. Ukieleza mpango wako wote wa chakula, umempa mambo kumi ya kupinga.

Kwa shemeji na binamu tumia utani, maana nao wameanza kwa utani. Mmoja alimwambia mama yetu kwamba anakula kama Mzungu. Akajibiwa, "Na wewe tumbo lako hilo litazaa lini?" Watu wakacheka, yakaisha. Usijaribu jibu hili kwa mama mkwe.

Anayerudia kila safari, mbele ya watu, hapatikani mezani. Mwendee siku ya kawaida, mkae wawili, umwambie linakuumiza. Akiwa ni mkubwa kwako, mtume mtu wa rika lake.

Lakini kama hukufanya chochote kupungua na watu watatu wanakwambia umekonda, waamini. Kukonda pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara ni dalili ya sukari kupanda. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku ni sababu ya kupimwa kifua kikuu. Mgonjwa wangu mmoja aliletwa kliniki na maneno ya wifi mwenye mdomo mrefu, na kipimo kikasoma 22.

Kilichotokea siku ile

Saa mbili baada ya chakula mama yetu alijipima chooni kwa kaka yake: 9.4. Alinipigia simu kwa furaha. Saa nne usiku akanipigia tena, na safari hii 13.1. Kopo la shangazi lilikuwa jikoni kwake, limebaki kijiko. Alilifungua ili aonje tu, akiwa amesimama.

Sasa nimeongeza maneno mawili kwenye somo. Ukisema nifungie, malizia hapo hapo, mbele ya shangazi: "nifungie, ya wajukuu." Na unaporudi, pitia kwao kwanza.