Eafoni zinapokimbilia kifaa cha mwenzio: zinakumbuka nini, na uzifute vipi

Tuchukue nyumba moja ya Wete. Asubuhi dada anatoa eafoni kwenye kiboksi asikilize darsa kwenye simu yake. Anasikia mlio kwamba zimeungana, anaanzisha darsa, na sauti inatoka kwenye spika ya simu, watu wote sebuleni wanasikia. Eafoni zimeungana kweli, lakini na kompyuta ya kaka yake iliyo chumba cha pili, kwani jana usiku yeye ndiye aliyezitumia kutazama mpira.

Siku unapounganisha eafoni na kifaa kwa mara ya kwanza, hupatana ufunguo wa siri, na kila upande huweka nakala yake. Eafoni huhifadhi funguo kadhaa; idadi inategemea aliyezitengeneza, na orodha ikijaa, ule wa zamani kabisa hutolewa. Ukizitoa kwenye kiboksi, haziangalii nani mwenyewe wala nani yuko karibu. Nyingi huanza kukiita kifaa zilichoungana nacho mwisho. Kikiitika, basi. Kisipoitika, huenda kwa kinachofuata. Kompyuta ya kaka ilikuwa imewashwa, na mita kama 10 za Bluetooth zinatosha kufika chumba cha pili, ukuta usipokuwa mnene sana.

Kwanza, mjue aliyezichukua. Zima Bluetooth ya kifaa unachokishuku, rudisha eafoni kwenye kiboksi, funga, kisha zitoe tena. Zikija kwenye simu yako, umempata. Zisipokuja, jaribu kingine, na usiisahau televisheni.

Pili, futa upande wa kile kifaa. Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha "Bluetooth & devices", bonyeza nukta tatu pembeni ya jina la eafoni, chagua "Remove device". Kwenye simu za Android utaona "Forget" au "Unpair"; kwenye iPhone ni "Forget This Device".

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Umefuta nakala ya kompyuta tu. Ya eafoni bado imo. Asubuhi zinaweza kuiita tena kompyuta, lakini ufunguo haupo, kwa hiyo zitakataliwa na kuhamia kwenye simu. Huenda ukaona zinachelewa kidogo. Kwa dada yetu hili linatosha, ikiwa kaka hazihitaji tena.

Tatu, kama unataka orodha safi kabisa, itakubidi uzirudishe eafoni kwenye hali ya kiwandani. Eafoni nyingi hazikuruhusu kufuta jina moja. Hufuta yote kwa pamoja. Kwa kawaida unashikilia kitufe cha kiboksi, au unagusa eafoni zote mbili kwa muda, mpaka taa ibadilike. Kila aina ina namna yake, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nazo. Lakini kabla ya hapo, zifute kwenye vifaa vyote. Simu iliyobaki na ufunguo wa zamani itaendelea kuonesha jina la eafoni, ukiligusa inajaribu, inashindwa. Ukiona hivyo, futa jina hilo kwenye simu, uunganishe upya.

Na kama kaka na dada wanazitumia wote wawili, msifute kitu. Kaka akimaliza, azime Bluetooth ya kompyuta. Isipoitika, eafoni zitaenda zenyewe kwenye simu.

Maswali ya wanachama

*Mkoani:* Maalim, nimeuza simu yangu ya zamani, na kabla ya kuiuza nilibonyeza "Forget". Aliyeinunua akipita karibu, eafoni zangu zitamfuata?

Hazitamfuata, ndugu yangu. Simu ile haina tena ufunguo. Ili aunganishe lazima eafoni ziwekwe kwenye hali ya kuunganishwa upya, na wewe ndiye uliyenazo.

*Mwanakwerekwe:* Zangu zimeungana na simu na kompyuta kwa wakati mmoja. Simu ikiita tu, somo la kwenye kompyuta linanyamaza. Zimeharibika?

Hazijaharibika, dada. Zimetengenezwa kushika vifaa viwili pamoja, na simu inayoita hupewa nafasi ya mbele. Ikikusumbua, fungua programu ya eafoni hizo kwenye simu uizime hali hiyo. Ukishaizima, kifaa kimoja tu ndicho kitakachoungana kwa wakati mmoja.

*Chake Chake:* Nina AirPods. Mtoto akifungua video kwenye iPad yangu, zinanitoka masikioni kwenda kwake. Nifute iPad?

Usifute. iPad hiyo na iPhone yako ziko kwenye akaunti yako moja ya Apple, na AirPods huhama zenyewe baina yao. Ziunganishe na iPad, fungua Settings, gusa jina la AirPods, ingia "Connect to This iPad", chagua "When Last Connected to This iPad". Mtoto atazame video zake kwa spika.