Somo: Kukata kona nyeusi za lenzi ya zamani, na pembe ya kuona inayoondoka nazo

Lenzi za sine za milimita 25 zenye uzi wa C zilitengenezwa kwa kamera za filamu ya milimita 16. Fremu ya filamu hiyo ni ndogo, kama milimita 10.3 kwa 7.5. Siku hizi watu wanazifunga kwa adapta kwenye kamera za M4/3, ambazo sensa yake ni milimita 17.3 kwa 13. Lenzi humwaga nuru kwa umbo la duara, na duara hilo halifiki kwenye kona za sensa kubwa kiasi hicho. Ndiyo maana kona zinatoka nyeusi.

Mfano wetu ni picha ya jahazi lililotia nanga Malindi, Unguja, iliyopigwa kwa lenzi ya aina hiyo. Ina pikseli 4608 kwa 3456. Tutatumia GIMP, ila hesabu ni ileile kwa programu yoyote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nyeusi kweli. Fungua `Colors > Curves`, upandishe sehemu ya giza kwa nguvu. Kukijitokeza mawingu au maji kwenye kona, hata yakiwa na chengachenga, basi nuru ilifika na ilikuwa hafifu tu. Picha ya namna hiyo usiikate, ing'arishe kona. Kisipojitokeza kitu ila weusi au kijivu kisicho na umbo, hapo sensa haikupokea chochote na hakuna cha kufufua. Picha yetu ni ya kundi hili la pili. Tengua ulichobadilisha kwenye `Curves`, kisha uendelee.

Hatua ya 2: Pima duara. Weka mistari miwili ya katikati kwa `Image > Guides > New Guide (by Percent)`, mmoja wima na mwingine mlalo, yote kwa asilimia 50. Chukua kifaa cha `Measure`, uvute kutoka katikati kuelekea kona mpaka pale picha inapoanza kuchafuka. Umbali unausoma chini ya dirisha. Kwenye picha yetu weusi kamili unaanza pikseli 2480 kutoka katikati, lakini kabla ya hapo kuna ukungu wa kahawia ambao ukiuacha utaonekana ukichapisha. Mimi huwa narudi ndani mpaka ukungu uishe, na hapa ni 2400. Kwa hiyo kipenyo kinachofaa ni pikseli 4800. Mshazari wa picha nzima, kona hadi kona, ni 5760.

Pima kona zote nne, usiridhike na moja. Adapta za bei nafuu hazikai katikati sawasawa. Tuseme juu kushoto umepata 2460 na chini kulia 2340: nusu ya tofauti hiyo ndiyo kiasi cha kusogea, yaani duara limesogea pikseli 60 kuelekea juu kushoto. Ukikata kwa kufuata katikati ya fremu, kona moja itabaki chafu na ya pili yake utakuwa umeitupa bure.

Hatua ya 3: Chagua umbo kabla ya kukata. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Mstatili wowote ambao kona zake zinagusa duara una mshazari wa 4800, lakini kila umbo linapoteza upande tofauti.

Ukibaki na 4:3 kama ya kamera, zidisha 4800 kwa 0.8 na kwa 0.6. Unapata 3840 kwa 2880. Zimeondoka pikseli 384 kila ubavu, na 288 juu na chini. Pembe ya kuona kwa mlalo inashuka kutoka nyuzi 38.2 hadi 32.2, na kwa wima kutoka 29.1 hadi 24.4.

Ukikata mraba, upande ni 4800 mara 0.707, yaani 3394. Kwa wima unabaki na nyuzi 28.6, karibu zote. Mbavuni unalipa sana: pikseli 607 kila upande, na mlalo unabaki nyuzi 28.6.

Ukikata 16:9, unapata takriban 4184 kwa 2353. Mlalo unabaki nyuzi 34.9, lakini juu na chini zinaondoka zaidi ya pikseli 550 kila upande.

Jahazi letu lina mlingoti mrefu ambao ncha yake iko karibu na ukingo wa juu. 4:3 inaikata ncha, na 16:9 inaikata vibaya zaidi. Mraba unaibakiza, na kinachoondoka ni maji matupu kulia na kushoto. Tukachukua mraba.

Hatua ya 4: Kata. Kwenye GIMP bonyeza `Shift+C`, weka alama kwenye `Fixed`, chagua `Size`, uandike 3394x3394, kisha usogeze kisanduku mahali pake. Wenye picha nyingi za lenzi ileile watumie ImageMagick:

```
magick picha.jpg -gravity center -crop 3394x3394+0+0 +repage kata.jpg
```

Kwa lile duara lililosogea 60 kuelekea juu kushoto, ni 48 kushoto na 36 juu. Lakini mraba wa 3394 hauwezi kupanda 36, kwa kuwa juu umebaki na pikseli 31 tu. Punguza mraba kidogo, au utumie 4:3 hivi:

```
magick picha.jpg -gravity center -crop 3840x2880-48-36 +repage kata.jpg
```

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikifunga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11, si kona zitaondoka zenyewe?*

Hapana, ndugu yangu. Kufunga tundu kunasaidia kona zilizofifia tu. Kwenye kona nyeusi kabisa, ukingo wa duara unazidi kuwa mkali, kama umekatwa kwa mkasi. Faida yake ni kwamba unapimika kirahisi.

*Nimepima kwenye picha ya ua la karibu nikapata 2520. Picha za mbali zikatoka na kona chafu. Kwa nini?*

Ukilenga karibu, lenzi inasogea mbele na duara linapanuka. Kwa milimita 25, kitu kikiwa nusu mita, ni kama asilimia 5. Pima ukiwa umelenga mbali kabisa, kwenye alama ya ∞. Kipimo hicho kitafaa kwa umbali wote.

*Shikamoo mwalimu. Ukikata 4:3, lenzi inakuwa kama ya milimita ngapi?*

Marahaba. Gawa 4608 kwa 3840, ni 1.2. Kwa hiyo 25 inaona kama 30 kwenye kamera hiyohiyo. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye ukuta, awali uliona upana wa mita 6.9, sasa unaona 5.8. Kuurudisha upana ule ni lazima urudi nyuma hadi mita 12, na hapo vitu vya mbele na vya nyuma havitapangana vile vilivyokuwa.

*Na uchapishaji? Si tumetupa pikseli nyingi?*

4:3 inabaki na milioni 11 kati ya 15.9. Kwa nukta 300 kwa inchi, upande wa 3840 unatoa sentimita 32, kwa hiyo A4 inaenea bila shida. Mraba una zaidi kidogo, milioni 11.5.

*Mimi napiga video tu. Kwa kuwa ni 16:9, nimesalimika?*

Bado kidogo. Fremu ya 16:9 inayotumia upana wote wa sensa ina mshazari wa karibu milimita 19.8, na duara letu ni 18. Kuza video mara 1.1 wakati wa kuhariri, kona zitatoka nje.